Mishkaki ya mkaa: ukubwa wa kipande, umbali wa makaa na dakika za kuchoma

Mtu akiuliza mishkaki ichomwe dakika ngapi, jibu la kweli ni kumuuliza kwanza amekata nyama vipande vya ukubwa gani. Kipande cha sentimita 2 na kipande cha sentimita 4 ni vyakula viwili tofauti mbele ya moto, hata kama vimetoka kwenye paja moja la ng'ombe na vimelala kwenye bakuli moja la viungo. Ukubwa ukishajulikana, ndio unaokuambia nyama ikae umbali gani na makaa, na umbali huo ndio unaokuambia ugeuze kila baada ya muda gani na uipue lini. Watu wengi hufuata mpangilio wa kinyume: wanawasha jiko, wanapanga mishkaki, kisha wanategemea macho. Macho huona ganda la nje tu, na ganda la nje ndilo linalodanganya zaidi.

Hapa tunazungumzia mishkaki ya ng'ombe kama inavyochomwa pwani na bara, kuanzia Forodhani kule Unguja hadi kwenye vibanda vya chipsi vya Dar es Salaam na Mombasa: vipande vya mnofu vilivyolala kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na mara nyingi papai bichi, vikachomwa juu ya jiko refu la bati au pipa lililopasuliwa. Kuku, mbuzi na maini tutavigusa baadaye kwa ufupi.

Kinachotokea ndani ya kipande

Kuna mambo mawili yanayoendelea kwa kasi tofauti. Nje, mng'ao wa makaa unakausha uso wa nyama, na uso ukishakauka unapanda juu ya nyuzijoto 100 za Selsiasi na kuanza kuwa wa kahawia. Hapo ndipo ile ladha ya kuchoma inapozaliwa. Ndani, joto linasafiri polepole sana kutoka kwenye uso kuelekea katikati, kwa sababu sehemu kubwa ya nyama ni maji na haipitishi joto haraka. Mchomaji hodari hupanga mambo hayo mawili yamalizike kwa wakati mmoja: nje iwe imeshika rangi, na katikati iwe imefika karibu nyuzijoto 70.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba muda hauongezeki sawa na ukubwa. Kwa hesabu ya jinsi joto linavyopenya, unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kulifikia pale katikati unaelekea mara nne. Jikoni haufiki nne kamili, maana uso nao unachukua muda wake kupata joto, lakini unafika mara mbili na nusu au tatu. Kipande cha sentimita 2 kinaiva kwa dakika 5 hadi 7. Cha sentimita 4 kinahitaji dakika 14 hadi 17. Kwa hiyo ukikata vipande vya ukubwa tofauti na kuvichoma kwenye kijiti kimoja, hakuna ufundi wa jiko utakaokuokoa. Kidogo kitakuwa kimekauka kabisa wakati kikubwa bado ni kibichi katikati.

Kukata ndiyo hatua ya kwanza ya kuchoma. Upana wa kidole gumba cha mtu mzima ni kama sentimita 2, na vidole viwili vya kati vikibanwa pamoja ni kati ya sentimita 3 na 3 na nusu. Pima kwa hivyo kabla hujazama kwenye kukata. Kata kwanza mabamba ya unene unaoutaka, kisha mabamba yawe mistari, kisha mistari iwe vipande, na unapofika kwenye mistari hakikisha kisu kinavuka nyuzi za nyama badala ya kuzifuata. Nyuzi fupi zinakatika menoni. Nyuzi ndefu zinatafunwa hadi taya zichoke, hata kama nyama imeiva sawasawa. Vipande vya pembeni vilivyopinda au vyembamba usivichanganye na vingine. Vikusanye kwenye kijiti chao, na hicho ndicho kitakachotoka mapema.

Kuhusu sehemu ya nyama, sarara na steki zinavumilia moto mkali wa muda mfupi. Paja linafaa pia likikatwa vizuri na kulainishwa. Kidari, shingo na nyama yenye kano nyingi hazifai, kwa sababu kano hulainika zikikaa kwenye joto la unyevu kwa saa nyingi, na mishkaki haikai motoni hata nusu saa. Nyama hizo zipelekwe kwenye sufuria.

Papai, ndimu na maji ya juu ya nyama

Papai bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini za nyama, na utomvu wake mwingi uko kwenye ganda. Kijiko kimoja cha chakula cha papai lililokwanguliwa pamoja na ganda lake kinatosha kilo moja ya nyama kwa saa moja hadi mbili. Ukiliacha usiku kucha, uso wa nyama unakuwa kama uji, vipande vinapasuka ukivichoma kijiti, na motoni vinabaki laini juu bila kushika ganda. Kimeng'enya hicho kinafanya kazi kwa nguvu zaidi nyama inapopita nyuzijoto 50 hadi 70, yaani wakati ambapo iko jikoni. Ndiyo sababu nyama yenye papai haipendi moto mdogo wa muda mrefu: inazidi kulegea pale pale juu ya jiko.

Kabla ya kupanga jikoni, kung'uta viungo vilivyoganda kwenye nyama na uache uso uwe na unyevu mwembamba tu. Maji yakiwa mengi juu ya nyama, moto wote wa dakika za kwanza unatumika kuyageuza mvuke, na mradi kuna maji uso hauvuki nyuzijoto 100. Utaona nyama inageuka kijivu na kutoa mvuke mweupe badala ya kupiga sauti ya kukaanga. Vipande vya tangawizi na kitunguu saumu vilivyobaki navyo vinaungua kabla ya nyama, vikaacha uchungu. Ukwaju uliotiwa sukari, asali na nyanya ya kopo vyote vina sukari inayoungua upesi, kwa hiyo vipakwe dakika mbili za mwisho.

Nyama itoke kwenye friji nusu saa kabla. Ikiingia motoni ikiwa na nyuzijoto 5, ina safari ya nyuzijoto 65 kufikia 70. Ikiingia na 20, safari ni 50. Kwa kipande cha sentimita 2 na nusu tofauti hiyo ni kama dakika mbili, na hizo dakika mbili zote zinalipwa na ganda la nje.

Umbali, na nguvu ya kipepeo

Umbali unaohusika ni ule wa kutoka juu ya makaa hadi chini ya nyama. Wavu wala ukingo wa jiko si kipimo. Makaa yanapoungua yanashuka. Tabaka lililoanza na sentimita 7 linaweza kubaki 4 baada ya nusu saa, na mishkaki iliyokuwa sentimita 8 kutoka kwenye moto sasa iko 11, bila mtu kugusa kitu. Ndiyo maana mkupuo wa pili unachelewa kuiva na watu wanashangaa.

Joto linalofika kwenye nyama kutoka kwenye makaa sehemu kubwa ni mng'ao, na mng'ao unapungua jinsi unavyoinua, ingawa si kwa kasi ambayo wengi wanaidhania. Chukua jiko la duara lenye makaa yaliyotanda upana wa sentimita 25. Nyama iliyo katikati, ikiinuliwa kutoka sentimita 5 hadi 10, inapoteza chini ya theluthi moja ya mng'ao. Ikiinuliwa hadi 15, inabaki na nusu hivi. Kwenye jiko refu lenye makaa yaliyotanda vizuri, upungufu ni mdogo zaidi kwa sababu nyama inaangaliwa na makaa mengi kutoka pande zote. Maana yake ni kwamba kuinua mshkaki sentimita moja au mbili hakuleti badiliko la maana. Ukitaka kupunguza moto kwa kuinua, inua angalau upana wa vidole vinne.

Kipepeo kina nguvu kuliko umbali. Mng'ao wa kitu cha moto unapanda haraka mno kadiri joto lake linavyopanda, hivi kwamba makaa yakitoka kwenye nyuzijoto 630 hadi 830 kwa sababu ya kupepewa, mng'ao wake unazidi mara mbili. Mtu anayepepea huku nyama iko juu anaongeza moto maradufu kwa sekunde chache, kisha unashuka, kisha anaongeza tena, na nyama inaungua kwa mawimbi bila yeye kujua. Juu ya hapo anaipaka majivu. Pepea kabla ya kupanga nyama, mpaka makaa yote yawe mekundu, kisha acha yapate utando mwembamba wa majivu meupe. Utando huo unatuliza moto na kuufanya uwe sawa. Ukizidi unene, moto unazimika chini yake. Gonga jiko kidogo au upepee kwa pembeni, chini ya makaa, wakati mishkaki imeondolewa.

Kwa kuwa si rahisi kupima joto la makaa, kiganja ndicho kipimo cha jiko. Kiweke wazi pale pale nyama itakapokaa, uhesabu sekunde taratibu mpaka ulazimike kukiondoa. Sekunde 2 hadi 3 ni moto mkali. Sekunde 4 hadi 5 ni wa wastani. Sekunde 6 au 7 ni mdogo. Kipimo hiki kinajumlisha umbali na ukali wa makaa kwa pamoja, kwa hiyo kiamini kuliko rula pale viwili hivyo vinapopingana.

Sasa ukubwa unachagua moto wake. Vipande vidogo vya sentimita 1 na nusu hadi 2, ambavyo ndivyo vya vibanda vingi vya barabarani, vinataka moto mkali na wa karibu: sentimita 5 hadi 6 kutoka kwenye makaa, kiganja kikivumilia sekunde 2 hadi 3. Ukiviweka mbali, katikati itaiva kabla nje haijashika rangi, na ukisubiri rangi utakuwa umekausha nyama yote. Kipande kidogo ni lazima kiharakishwe.

Vipande vya sentimita 2 na nusu hadi 3 vinakaa vizuri kwenye sentimita 8 hadi 10, upana wa vidole vinne na ziada kidogo, kiganja kikivumilia sekunde 3 hadi 4. Vinaiva kwa dakika 8 hadi 11. Kwa nyumbani huu ndio ukubwa tunaoupendekeza, kwa sababu unampa mchomaji nafasi ya kukosea dakika moja bila kuharibu kitu.

Vya sentimita 4 havichomwi kwa moto mmoja. Vianzie juu, sentimita 12 hadi 15, kwenye moto wa sekunde 5 hadi 6, kwa dakika 12 hivi. Kisha vishushwe kwenye moto mkali kwa dakika mbili au tatu vipate rangi. Ukivianzia karibu, dakika ya sita vitakuwa vyeusi na ukikata utakuta wekundu baridi. Majiko mengi hayapandi wala kushuka, basi badala ya kuinua nyama, punguza makaa: rundika mengi upande mmoja, upande mwingine utandaze tabaka moja jembamba. Nyama kubwa ianzie kwenye tabaka jembamba na kumalizia kwenye rundo.

Kugeuza

Mazoea ya kuchoma upande mmoja mpaka uive, kisha kugeuza mara moja, hayafai kwa kipande chenye pande nne. Upande unaoangalia makaa unapokea joto kwa kasi kuliko nyama inavyoweza kulipeleka ndani, kwa hiyo joto linarundikana usoni. Ukigeuza, upande ule unapumzika: joto lililorundikana linaendelea kuingia ndani, na jingine linatoka hewani. Upande mpya unaanza kupokea. Kwa kugeuza mara kwa mara uso hauungui, katikati inaiva haraka zaidi, na ile pete ya kijivu iliyokauka chini ya ganda inakuwa nyembamba.

Geuza robo mzunguko, usigeuze nusu. Anayegeuza nusu anachoma pande mbili tu, na pande za ubavuni zinabaki zimechemka. Kwa vipande vya sentimita 2, geuza kila sekunde 40 hivi. Kwa sentimita 2 na nusu hadi 3, kila dakika moja. Kwa sentimita 4, kila dakika moja na nusu vikiwa juu, na kila sekunde 30 vikishashushwa kwenye moto mkali. Mgeuzo wa kwanza uchelewe kidogo kama unatumia wavu, kwa sababu nyama mbichi inashika kwenye chuma na kuachia yenyewe ganda likishaanza. Ukiivuta kabla, ganda linabaki kwenye wavu. Kwenye jiko ambalo vijiti vinalala ukingo kwa ukingo na nyama ikaning'inia hewani, tatizo hilo halipo kabisa, na ndiyo sababu jiko jembamba lisilo na wavu ni bora kwa mishkaki.

Tatizo la jiko hilo ni kijiti cha duara. Kipande kikiwa hakikutobolewa na kijiti katikati yake, upande mzito unashuka chini kila unapogeuza, na unageuza kijiti huku nyama imebaki pale pale. Utaligundua kwa kutazama: upande mmoja mweusi, wa pili mwekundu. Dawa yake ni chuma bapa, au vijiti viwili vya mianzi sambamba kwenye kila mshkaki, vikiachana sentimita moja. Kijiti cha mianzi kilowekwe majini nusu saa. Kinachoungua hasa ni sehemu iliyo wazi, kwa hiyo sogeza nyama ijaze upana wote wa makaa na ncha zitokeze nje ya moto. Wanaotumia spoku za baiskeli waepuke zenye rangi au zilizopakwa zinki, maana asidi ya ndimu huimenya zinki ile na kuiingiza kwenye nyama. Chuma kisichoshika kutu kinapatikana na si ghali.

Nafasi kati ya vipande nayo ni sehemu ya muda. Vipande vilivyobanana havipati joto ubavuni, na mshkaki mzima unaiva kama mche mmoja mnene. Kwa vipande vidogo kugusana kunasaidia visikauke. Kwa vya sentimita 2 na nusu na kuendelea, acha upenyo wa milimita 3 hadi 5, au uongeze dakika mbili kama umevibana. Wanaopenda kuweka kipande cha mafuta katikati wakikate chembamba, nusu ya ukubwa wa nyama, kiyeyuke kabla mnofu haujapitiliza.

Mafuta hayo yakidondoka, makaa yanawaka ndimi za moto. Moto huo unapaka masizi, nayo ni machungu. Masizi hayo pia yana kemikali zinazojulikana kuwa hatari kwa afya. Usimwagie maji, kwani majivu yataruka na kushika nyama yote. Sogeza vijiti viwili au vitatu vilivyo juu ya ndimi hizo kwenda sehemu isiyo na makaa, subiri sekunde 20, urudishe. Kwa hiyo kila jiko la mishkaki liwe na sehemu tupu, angalau upana wa kiganja.

Kilo moja, hatua kwa hatua

Tuchukue kilo moja ya paja la ng'ombe, bila mfupa wala kano, na jiko refu la bati lenye urefu wa sentimita 50, upana 18 na kina 15 kutoka ukingoni. Kipande cha sentimita 2 na nusu kila upande kina uzito wa gramu 16 hivi, kwa hiyo kilo inatoa vipande 60. Sita kwa kila chuma ni mishkaki kumi. Vipande sita na mapenyo yake vinachukua kama sentimita 17, yaani upana wa jiko. Hapo hakuna nyama inayoning'inia nje ya moto wala chuma kinachopata moto bure.

Nyama ilale saa moja na nusu kwenye kijiko kimoja cha papai, kijiko kimoja cha tangawizi, punje nne za kitunguu saumu zilizotwangwa, ndimu moja, pilipili kwa kadiri ya walaji na vijiko viwili vya chai vya chumvi. Washa kilo moja na robo hivi ya mkaa mzito, ule unaolia ukiugonganisha. Mkaa mwepesi unaungua upesi na hautafika mkupuo wa pili, na kipande ambacho hakikuiva tanurini kitatoa moshi mchafu mpaka ukitoe. Baada ya dakika 25 hadi 30 makaa yote yawe na utando mweupe. Yatandaze sentimita 40 za urefu wa jiko, unene wa sentimita 7, na uache sentimita 10 za mwisho zikiwa tupu. Jiko lina kina cha 15, kwa hiyo nyama inayolala ukingoni iko sentimita 8 juu ya makaa. Pima kwa kiganja. Ukivumilia sekunde 3 au 4, panga.

Panga kutoka kushoto kwenda kulia na ugeuze kwa mpangilio huohuo, ili wa kwanza kuwekwa awe wa kwanza kugeuzwa na kila mmoja apate muda sawa. Kwa dakika moja na nusu ya kwanza mtu asiiguse. Nyama inapaswa kupiga sauti ya kukaanga ndani ya nusu dakika. Ikiwa kimya, moto ni mdogo au nyama imelowa. Kisha robo mzunguko kila dakika. Baada ya kama dakika 5 kila upande umeuona moto mara moja, na rangi ni kahawia hafifu yenye madoadoa. Hapo badilisha nafasi: mishkaki miwili ya kila mwisho wa makaa iende katikati, ya katikati iende pembeni, kwa kuwa katikati ya jiko ndiko kwenye moto zaidi. Paka mafuta kidogo kwa brashi, matone tu. Mzunguko wa pili unakamilika dakika ya 9.

Sasa toa mshkaki mmoja uliokuwa katikati, ukate kipande kikubwa kuliko vyote. Kikiwa na waridi hafifu na maji yanayotoka ni angavu, nyama iko karibu nyuzijoto 65 hadi 70. Kikiwa na wekundu unaong'aa na ulaini wa nyama mbichi, ongeza dakika moja na nusu, robo mzunguko kila sekunde 30. Kikiwa kijivu kote na maji hayatoki, kimeshapita 75, na mingine yote itoke papo hapo. Kidole nacho kinafundishika: nyama mbichi inabonyea na kubaki imebonyea, iliyoiva inarudi, iliyopitiliza haibonyei.

Mwenye kipimajoto akichome kwenye kipande kutoka ubavuni, ncha ifike katikati bila kugusa chuma, maana chuma kina joto lake. Kanuni ya usalama inayotumika kwa nyama nzima ya ng'ombe ni nyuzijoto 63 na kupumzika dakika tatu. Kwa mishkaki tunashauri 68 hadi 71. Kijiti kinapopita kwenye nyama kinaingiza ndani vijidudu vilivyokuwa usoni, na nyama imekaa kwenye bakuli nje ya friji. Vipande vya ukubwa huu vinapanda nyuzijoto moja au mbili tu baada ya kuipuliwa. Vya sentimita 4 vinapanda 3 hadi 5, kwa hiyo viipue mapema na viache dakika tatu. Sahani iliyobeba nyama mbichi isipokee iliyoiva.

Kuku asiye na mfupa wa ukubwa huohuo anakaa umbali uleule lakini ni lazima afike 74, na maji yake yawe angavu kabisa, kwa hiyo mhesabie dakika 10 hadi 12. Mbuzi ana nyuzi ngumu na mafuta machache. Mkate sentimita 2, umchome karibu na haraka. Maini yakikaa yanakuwa kama mpira: sentimita 2, moto mkali, dakika 5 hadi 6, hadi wekundu wa katikati uishe.

Kama kuna kilo ya pili, usitandike mishkaki mipya juu ya makaa yaleyale. Kwa wakati huu, tangu yatandazwe, yameshuka karibu sentimita 2 na yamevaa majivu mazito, na ukiyapima kwa kiganja utavumilia sekunde 5 au 6. Ongeza konzi tatu au nne za mkaa pembeni, kwenye ile sehemu tupu, wakati mkupuo wa kwanza ukiwa dakika ya tano, ili uwake bila kutoa moshi wake chini ya nyama. Mishkaki ya kwanza ikishaipuliwa, gonga jiko majivu yadondoke, sukuma makaa mapya yachanganyike na ya zamani hadi unene urudi sentimita 7, pepea kwa dakika moja, subiri utando mweupe urudi. Kiganja kikirudi kwenye sekunde 3 au 4, dakika ni zilezile 9. Kikibaki kwenye 5 na mkaa umekwisha, sogeza makaa yote pamoja yawe mafupi na mazito, uchome mishkaki mitano kwa wakati mmoja.

Haya yote yafanyike nje au chini ya paa lisilo na kuta. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na jiko lililoonekana limetulia baada ya kuchoma, lile lenye makaa yenye majivu, bado linaitoa kwa saa kadhaa. Usiliingize ndani hata kama mvua imeanza. Lifunike kwa bati huko huko nje mpaka lizimike.